Swali la 6: Mchoro wa moyo wa binadamu, jibu kamili

Picha iliyoambatishwa inaonesha mchoro wa moyo wa binadamu uliopasuliwa wima. (a) Taja sehemu A hadi M na ueleze kazi ya kila moja (herufi I haikutumika). (b) Kwa nini ukuta wa J ni mnene kuliko wa D? (c) Eleza kinachotokea H isipofunga sawasawa.

Jibu

Moyo umechorwa kama mtu anayekutazama uso kwa uso, hivyo upande wake wa kulia uko kushoto mwa karatasi. Picha haikugeuzwa: herufi zinasomeka, na ukuta mnene uko kulia mwa karatasi, mahali pake. Atakayesahau hili atabadilisha majina ya vyumba vyote vinne na kupoteza alama zake zote.

(a) A ni vena kava ya juu, inayorudisha damu kutoka kichwani na mikononi. M, ambayo ncha yake imekatwa kidogo na ukingo wa picha, ni vena kava ya chini. Hiyo huleta damu ya sehemu zote zilizo chini ya kiwambo. Zote mbili humwaga damu yenye oksijeni kidogo ndani ya B, auriko ya kulia.

C ni vali trikaspidi, yenye vijani vitatu. Huruhusu damu iende D, ventriko ya kulia, na kuizuia isirudi B. Nyuzi nyembamba zinazoonekana chini ya vijani ni kano. Zimefungwa kwenye misuli midogo ya ukuta wa ventriko, na huzuia vijani visipinduke kuelekea juu kama mwavuli uliopigwa na upepo. Kano hazifungui vali. Vali hufunguliwa na msukumo wa damu yenyewe.

E na L ndizo zinazochanganywa zaidi, hasa hapa ambapo kivuli cha simu kimeangukia mishipa yote miwili. Usiangalie juu, fuata mrija kushuka hadi kwenye chumba unakotokea. E unatoka D, kwa hiyo ni ateri ya mapafu. L unatoka J na kupinda juu ya moyo ukiwa na matawi matatu, kwa hiyo ni aota, inayosambaza damu mwilini kote. E hubeba damu yenye oksijeni kidogo, ingawa ni ateri. Kinachoufanya mshipa uitwe ateri ni kupeleka damu nje ya moyo, oksijeni haihusiki.

F ni vena za mapafu. Kwa kawaida ziko nne, mbili kutoka kila pafu, japo mchoro umeonesha mbili tu. Huleta damu yenye oksijeni nyingi kwenye G, auriko ya kushoto. H ni vali baikaspidi, yenye vijani viwili, kati ya G na J. J ni ventriko ya kushoto, inayosukuma damu kwenye aota. K ni ukuta wa kati, unaotenganisha damu ya pande mbili. Ukiwa na tundu, damu huvuja kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu shinikizo la kushoto ni kubwa zaidi.

(b) D hupeleka damu kwenye mapafu tu, yaliyo jirani na moyo na yenye ukinzani mdogo. J huipeleka mwili mzima, kuanzia ubongo hadi vidole vya miguu. Mtu mzima akiwa ametulia, shinikizo la juu katika J hufika takribani milimita 120 za zebaki, na katika D takribani 25. Misuli minene ya J ndiyo hutoa nguvu hiyo. Jibu la "J husukuma damu nyingi zaidi" ni kosa: kila pigo, ventriko zote mbili hutoa kiasi kilekile, karibu mililita 70. Kwa mapigo 70 kwa dakika, hizo ni takribani lita 5.

(c) J inapojikaza, sehemu ya damu hurudi G badala ya kwenda L yote. Shinikizo katika G huongezeka, likarudi nyuma hadi kwenye F na mapafu, na majimaji yakavujia ndani ya mapafu. Mgonjwa huhema kwa shida, hasa anapolala chali. J nayo hutanuka, kwa kuwa kila pigo hupokea damu iliyovuja pamoja na ile mpya. Sababu mojawapo ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokokasi yasiyotibiwa: vijani vya vali huvimba, hupata makovu na kusinyaa, kisha kingo zake hazikutani tena.