Karibu tena pa kazi, Yaya Monika

Yaya Monika jambo sana, ni Paskali. Jana mangaribi Petronela wa personeli aliniambia kama siku ya kwanza tarehe 17 unarudia pa kazi, njo nasema niandike leo kabla batu hawajaanza kukusumbua, maana wakijua tu watakupigia simu mpaka usiku. Nimefurahi sana yaya, kweli kabisa. Sikukuandikia mingi hii miezi ine, paka zile salamu za mwezi wa 8. Haikuwa kukusahau. Niliona simu ya shefu haifae kulialia pale mutu anapumuzika, mi mwenyewe patron akinipigia siku ya yenga roho inaruka.

Sasa kitu moya nataka uijue mbele ufike: mi sitakuuliza ulikuwa na nini, wala kuko namna gani sasa, wala munganga alisema nini. Ile ni yako. Siku utapenda kusema utasema, na kama hautasema ata siku moya, haibadirishe kitu kati yetu. Batu ba biro pia nilibaambia hivyo siku ya tano, nilibaambia tukimuona tunamusalimia, tunamupa kiti, tunaendelea na kazi, basi. Wote walikubali. Kuko tu yule moya, unamujua, kinywa yake haina mulango, huyo nilimuita ku pembeni nikamuambia peke yake. Akiponyoka akakuuliza, muambie tu "tuongee faktire" na ugeuke, hautakuwa umemukosea heshima.

Karatasi ya munganga usinipe mimi. Mupe Petronela mu bahasha ya kufunga, yeye njo anaziweka. Mi nahitaji kujua tu vitu vyenye sipashwe kukupa: kama ni kubeba makarto, kama ni kupanda ngazi za depo, kama ni kusimama sana, andika paka "hii hapana", usiweke sababu. Nami sitauliza sababu.

Saa sasa. Juma mbili za kwanza unafika saa 3 ya asubui na unaenda nyumbani saa 7. Nimeweka saa 3 kusudi usigombanie taksibisi na batoto ba masomo, unajua namna Ruashi inakuwaka asubui, na hii mvula imeanza kabisa, bidimbwi biko pale pale tulibiacha mwaka uliopita. Kisha zile juma mbili tunaikala wawili dakika 10, unaniambia tuongeze ao tuache vile. Siku unaona haiwezekani kufika, tuma ujumbe mufupi tu, "leo hapana", nimeelewa. Na kama uko na rendevu yoyote unaenda, haukatwe kitu, mi siulize ni ya wapi.

Makuta, nalisema wazi juu najua batu wanaogopaka kuuliza. Wakati ulikuwa nyumbani ulikuwa unapata 2/3 ya mushahara, ni vile sheria ya kazi ya 2002 inaomba kwa mutu yenye mukataba wake umesimama juu ya ugonjwa. Kuanzia tarehe 17 unapata mushahara muzima, ata hizi juma mbili za saa kidogo. Patron alikubali kwa maandishi, kopi iko kwa Petronela, pita uichukue uweke kwako. Maneno ya kinywa mi siamini tena, ata yangu.

Kazi yenyewe. Kasumbalesa hauende kwanza. Ile barabara karibu kilometa 90 kwenda na 90 kurudi, na malori yote yale, ata mi mwenyewe nikirudia mugongo unasema. Daudi njo anaenda mpaka mwisho wa mwaka. We utaikala hapa hapa, uangalie faktire na manifesti mbele hazijaingia mu Sidonia, kazi yenye hakuna mutu mwingine anaijua kama weye, na sisemi hivyo kukupaka mafuta. Mwezi wa 9 tulitayarisha dekilarasyo ya vipuri vya mashini, uzito wa faktire na uzito wa manifesti vilikuwa tofauti, kijana hakuona, dwane waliona. Lori ililala kule siku sita, na kilienti alinipigia simu kila asubui mbele sijakunywa chai. Yaya, ile juma nilitaja jina yako mara nyingi sana. Lakini usifikiri kuko mulima wa kazi unakungojea: bya nyuma byote tulimaliza, byenye tulishindwa nimebichukua mi. Meza yako haina karatasi ata moya ya zamani. Hautaanza na deni.

Bintu byenye bimebadirika, ili usishangae. Modepasi zote zilibadirishwa mwezi uliopita, Daudi atakufungulia ordinateri na utaweka yako mupya. Klasere za kijani zilihama, ziko sasa nyuma ya mulango, sikubali lakini ni Papa Kalenga aliamua na unajua namna anabishaka. Tuko na stajere moya, binti mupole sana, ni yeye alikuwa anaikala pa kiti yako ya karibu na dirisha. Siku ya posho iliyopita alihamisha bintu byake yeye mwenyewe, hakuna mutu alimufukuza, basi usimuonee haya wala yeye asikuonee. Hajui kitu juu yako, anajua tu kama we njo mwenye ile meza, na ile daftari yako ya kodi za forodha alikuwa anaiangalia kila siku. Aliweka alama na kalamu ya risasi fasi mbili zenye hakuelewa. Ukipata nguvu umuonyeshe, si lazima juma ya kwanza.

Kikombe yako iko. Mutu alivunja mukono yake, hatujui nani, kila mutu anasema si mimi.

Hatufanye sherehe. Ba mama ba kontabilite walitaka kununua gato na kukusanya batu wote mu sale, niliwaambia tumuulize mwenyewe kwanza. Niliona inaweza kuchosha mutu kuingia asubui akute macho makumi mbili yanamuangalia. Kama unapenda, tutakula pamoja siku ya tano saa sita, bukari na samaki pale kwa mama wa kona, wenye wanataka wanakuya. Kama haupendi tunaacha, hakuna mutu atanuna. Nilipendekeza tu kwa sababu mi pia nilikosa ile samaki, bila weye hakuna mutu anatuvutaka kwenda.

Siku ya kwanza ukifika usipite kwa patron, yuko mu safari mpaka siku ya tatu. Pita kwangu, tunakunywa chai, kisha unaenda pa meza yako. Umeme unakatikaka karibu na saa ine siku hizi, basi usijali ukiona ordinateri imezimika, si weye umeharibu.

Kitu ya mwisho, dereva anatoka depo saa 2 na nusu, anapita njia ya Ruashi, anaweza kukuchukua mbele ya lango yenu zile juma mbili. Ao unapenda kukuya mwenyewe? Andika tu "ndiyo" ao "hapana" mbele ya siku ya posho mangaribi, nimuambie.

Paskali