Kuruka Kamba kwa Wanaoanza: Programu Yetu ya Wiki 8

Kwenu nyinyi 11 mnaoanza Jumatatu, karibuni. Tunakutana ukumbini hapa Buruburu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kufikia saa kumi na mbili na robo tumemaliza, kila mtu awahi matatu yake. Tafadhali someni hii yote kabla ya kufika. Siku ya kwanza nitawasimamisha mkiwa bado mna hamu ya kuendelea, na nataka mjue sababu.

Pumzi huwahi kuzoea. Wiki 2 au 3 tu, na utaona huhemi tena kama mwanzo. Vigimbi navyo hukaza haraka. Kano ya kisigino na mfupa wa muundi ndivyo hukawia, na hukawia kwa miezi. Mfupa ukianza kupokea mshindo usiouzoea, mwili kwanza huondoa sehemu iliyochoka, kisha hujenga mpya iliyo imara zaidi. Kati ya kubomoa na kujenga, mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa. Mtu anajisikia mzima, anaongeza dakika, na muundi wake bado uko kwenye ukarabati. Wengi niliowafundisha wakaumia, waliumia wiki ya 3 au ya 4, walipokuwa wamechangamka.

Nami nilipita hapo. Nilianza kwa dakika 10 kila siku juu ya paa la ploti, simiti tupu. Kwa mwendo wa kawaida hiyo ni miruko kama 1,000 kwa siku, kwa miguu ambayo haikuwa imeruka tangu utotoni. Siku ya 16 nilishuka ngazi nikishika ukuta, na kamba sikuigusa tena kwa wiki 7. Sitaki yeyote kati yenu apoteze wiki 7.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kamba ya shanga inamfaa zaidi anayeanza kwa sababu ina uzito na unaisikia ilipo. Ikanyage katikati kwa mguu mmoja, uvute juu: vishikio vifike kwapani. Ikiwa ndefu, piga fundo karibu na kishikio, usiikate bado. Viatu viwe raba za kukimbia. Ukienda Gikomba, bonyeza soli kwa kidole gumba hapo mbele, chini ya vidole. Isipobonyea hata kidogo, iache hata kama bei ni nzuri. Sakafu yetu ni ya mbao na ndiyo sababu kubwa niliuomba ukumbi huu. Nyumbani msiruke kwenye simiti wala kabro bila mkeka mnene wa raba. Nyasi nazo hushika kamba.

Namna ya kuruka nitawaonyesha, lakini shikeni hili: mruko ni mdogo, sentimita 2 au 3, kamba ipite tu. Tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, goti likiwa limelegea, kisigino kikigusa sakafu kidogo au kikikaribia kugusa. Viwiko karibu na mbavu, na kinachozunguka ni kifundo cha mkono, si bega. Nitakuwa nawasikiliza kuliko kuwatazama. Miguu inayotua vizuri inanong'ona kwenye mbao. Nikisikia kishindo, nitakugusa begani, utapumzika raundi moja, utarudi.

Tunaruka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wala si siku mbili mfululizo. Kila mara tunatangulia na dakika 5 za kupasha mwili moto: kutembea kwa kasi, kuzungusha vifundo vya miguu, kisha kupanda juu ya vidole polepole mara 15.

Wiki ya 1: ruka sekunde 15, pumzika 45, raundi 8. Jumla ni dakika 2 za kuruka, miruko kama 200. Ndiyo, ni chache. Inatosha.

Wiki ya 2: ruka 20, pumzika 40, raundi 9. Dakika 3.

Wiki ya 3: ruka 30, pumzika 30, raundi 8. Dakika 4.

Wiki ya 4 tunarudi nyuma kwa makusudi, tunafanya ile ya wiki ya 2 tena. Hapa ndipo wengi hunibishia. Jamani, msinibishie. Wiki hii ni ya mfupa.

Wiki ya 5: ruka 30, pumzika 30, raundi 10. Dakika 5.

Wiki ya 6: ruka 45, pumzika 30, raundi 8. Dakika 6.

Wiki ya 7: ruka dakika 1, pumzika sekunde 45, raundi 7.

Wiki ya 8: ruka dakika 1, pumzika sekunde 30, raundi 8.

Kamba ikikunasa, saa haisimami. Ipange upya uendelee, usifidie.

Mwenye mwili mzito, au aliyekaa miaka bila mazoezi, kila wiki aifanye mara mbili kabla ya kusonga. Programu yake itakuwa ya wiki 16 na atafika palepale. Na ndugu yetu aliyehamia juzi kutoka Mombasa asishtuke akihema kuliko wenzake. Nairobi iko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwili wake utazoea.

Jumanne na Alhamisi, nyumbani, dakika 10. Simama ukingoni mwa ngazi, panda juu ya vidole, shuka ukihesabu hadi 3. Fanya mara 12 goti likiwa limenyooka na 12 likiwa limekunjwa kidogo, kisha urudie. Halafu egemea ukuta, visigino vikiwa hatua moja mbele yako, uinue vidole vya miguu mara 15. Hili la mwisho hufanyia kazi misuli ya mbele ya mguu, na watu hulipuuza.

Kila asubuhi jipimeni kabla ya kuvaa. Hatua zile za kwanza kutoka kitandani zinasemaje? Kisha pitisha kidole gumba kando ya muundi, upande wa ndani, kutoka kifundoni kwenda juu. Vigimbi vikiuma miguu yote miwili na maumivu yakaisha ndani ya siku 2, hiyo ni kawaida. Uchungu uliosambaa kando ya mfupa, au kano ya kisigino iliyokakamaa, unamaanisha usiruke hadi utulie, kisha urudi wiki moja nyuma. Uchungu wa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, au unaokuamsha usiku, acha kabisa na umwone daktari. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye presha, mjamzito, au aliyewahi kuumia goti au kisigino aniambie faraghani kabla ya Jumatatu, tuone kama anaanza sasa.

Baada ya wiki ya 8 tutaelekea raundi za dakika 3 na pumziko la dakika 1, mpangilio uleule wa mabondia, akina Robert Wangila aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Tutazifikia kwa kuongeza sekunde 30 kila wiki, kwa raundi 4 tu.

Wawili hawajapata kamba. Mwenye ya ziada aje nayo Jumatatu.