Kazi ya Uuguzi: Familia Inapotaka Mtoto Ang'olewe Ebinyo

Swali: Eleza jinsi muuguzi atakavyoheshimu imani ya familia bila kuhatarisha tiba, na mbinu za mawasiliano atakazotumia.

Hali ya mgonjwa. Mtoto wa kiume wa miezi 8, kilo 7, ameletwa kituo cha afya karibu na kambi ya jeshi ya Bombo, Uganda. Ameharisha siku tatu, ana joto, macho yameingia ndani, anakunywa kwa pupa, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mama ana miaka 22. Baba yuko kikosini mbali. Mwenye kauli ni bibi mzaa baba, anayetoka magharibi ya nchi. Nyumbani wanaongea Kiswahili. Bibi ameona uvimbe mweupe kwenye ufizi: kwake ni ebinyo, meno ya uongo, na dawa yake ni kung'olewa na mganga.

Tathmini. Bibi hajakosea alichokiona. Uvimbe upo: ni chonge za utotoni zinazokua chini ya ufizi, na kwa kawaida hutokeza baada ya mwaka wa kwanza. Tunachotofautiana ni chanzo cha kuhara. Muuguzi akisema "ebinyo hazipo", bibi atamwona kipofu, na kuanzia hapo hakuna neno lake litakalosikilizwa. Hatari halisi ni kifaa kisicho safi, mara nyingi spoki ya baiskeli: damu kumwagika, vijidudu kuingia kwenye damu, pepopunda, na chonge ya ukubwani kuharibika kabla haijaota.

Kusikiliza kwanza. Muuguzi anakaa, hasimami juu yao, na anamsalimia bibi kabla ya mama. Anauliza mambo matatu tu: wanadhani ugonjwa umetoka wapi, wameshafanya nini, na wanaogopa nini zaidi. Swali la pili liulizwe bila uso wa hakimu, kwa sababu familia iliyokaripiwa huficha kwamba mtoto ameshang'olewa. Hapo ufizi unakaguliwa, na kadi ya chanjo inaangaliwa kama dozi tatu zenye kinga ya pepopunda zimekamilika.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Bibi, nionyeshe ulipoona."
"Hapa, musawo. Nimelea watoto sita, hizi nazijua."
"Naona uvimbe, kweli. Huo ni wa jino linalokuja. Lakini kilichomlegeza leo ni maji yanayomtoka. Tukigusa ufizi, damu nayo itamtoka juu ya maji. Tumrudishie maji kwanza, kwa muda wa saa nne, mkiwa hapa hapa. Utakubali?"
"Na ebinyo?"
"Tutazitazama pamoja kila ukija."

Tiba. ORS mililita 75 kwa kila kilo, yaani 525 kwa saa nne, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, wasubiri dakika 10, kisha waendelee polepole zaidi. Ziwa lisikatwe. Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Kikombe apewe bibi mwenyewe. Mkono unaonywesha huona mabadiliko kabla ya sikio kuhubiriwa. Baada ya saa nne mtoto apimwe upya.

Mahali mpango huu huvunjika ni nyumbani, usiku wa pili. ORS hairudishi choo kigumu, na asipoambiwa mtu hivyo mapema atasema dawa imeshindwa, ampeleke mtoto kwa mganga. Kwa hiyo aambiwe wazi: "Ataendelea kuharisha siku kadhaa. Dawa inafanya kazi akikojoa, akicheza na akinyonya." Kisha bibi, si mama peke yake, arudie kwa maneno yake jinsi ya kuchanganya pakiti kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na dalili za kurudi mbio: damu kwenye choo, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, kulegea, degedege.

Mkalimani akihitajika kwa Kinyankole, awe mtumishi mzima wa kituo. Mtoto wa jirani hafai kutafsiri habari za damu. Baba apigiwe simu mama akiridhia, maana uamuzi wa ukoo hauishii wodini.

Kwa mtazamo wa Madeleine Leininger, mwananadharia wa uuguzi unaozingatia utamaduni, kunyonyesha kwa mama na kutuliza kwa bibi ni vya kuhifadhiwa. Majani ya kumwogesha mtoto yanaweza kuruhusiwa mradi asiyanywe. Kung'oa ndiko kunakohitaji kugeuzwa. Hapo hakuna nusu kwa nusu. Sheria ya Watoto ya Uganda inakataza mila zinazodhuru afya ya mtoto, lakini kuitaja mlangoni ni kuifukuza familia. Itajwe pale tu mazungumzo yameshindikana na mtoto yuko hatarini, baada ya kumwita kiongozi wa zamu.

Ufuatiliaji. Mhudumu wa afya wa kijiji apite kesho jioni, kabla ya usiku huo wa pili, na miadi ya kituoni iwe siku ya tatu. Kwenye faili iandikwe: "Bibi anaamini ebinyo, amekubali kusubiri, ufizi haujakatwa."