Barua ya Kuomba Kazi ya Ualimu wa Shule ya Msingi

Chumbageni, Tanga
12 Januari 2026

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Raskazone, Tanga.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA UALIMU, DARASA LA I–III

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimehitimu stashahada ya ualimu. Mazoezi ya kufundisha nilifanyia Muheza, wiki nane, Darasa la II lenye wanafunzi 58.

Katika kutoa, wengi waliandika 52 − 17 = 45: walitoa 2 kwenye 7 kwa kuwa 7 ni kubwa. Kukariri “kopa” hakukusaidia. Niliwapa vijiti vilivyofungwa kumi-kumi. Mtoto akifungua kifungu kimoja mwenyewe anapata vijiti 12, anatoa 7, vinabaki 5; kwenye vifungu vinne vilivyobaki anatoa kimoja, na 35 inajitokeza.

Makundi ya wanane yalishindikana, wawili wanafanya kazi, sita wanachezea vijiti. Nikapunguza hadi wanne: mgawa zana, mhesabuji, mwandishi, msemaji, wakibadilishana kila siku. Kelele nilizituliza kwa makofi matatu, kisha kungoja kimya. Mwalimu akipaza sauti, darasa nalo hupaza. Fimbo sikuihitaji.

Naambatisha nakala za vyeti, andalio la somo hilo na ripoti ya tathmini. Niko tayari kufundisha somo la majaribio.

Wako mtiifu,
Mwanaidi H.