Ratiba ya Safari ya Meneja wa Mauzo: Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega

Jumanne: Gari litakuchukua nyumbani, Nakuru, saa kumi na mbili asubuhi. Miadi ya kiwanda cha chai Kericho ni saa tatu. Tumeacha muda wa ziada kwa sababu ukungu wa Mau Summit hupunguza mwendo, na malori huko hayapitiki kwa urahisi. Mkutano ukikamilika saa tano, utaelekea Kisumu kuonana na wasambazaji saa nane, baada ya chakula cha mchana. Utalala Kisumu.

Jumatano: Utakutana na mwanasheria saa tatu asubuhi, Milimani. Saa saba kamili utaondoka kwenda Kakamega, takriban kilomita 50, kwa kikao cha saa tisa. Tafadhali usikubali kikao cha asubuhi kipite saa sita, hata mwenyeji akikusihi unywe chai ya pili. Utalala Kakamega.

Alhamisi: Hapa ndipo pagumu. Ukaguzi wa ghala utaanza saa mbili na ni lazima uishe saa nne, kwani ndege ya kwenda Nairobi itaondoka Kisumu saa nane mchana, na Kondele huwa na msongamano. Dereva atakusubiri langoni injini ikiwa tayari, mizigo ikiwa imeshapakiwa. Barabara ikifungwa, nipigie simu mara moja ili nikuhamishie tiketi kwenye ndege ya jioni. Mkutano wa Nairobi ni Ijumaa, hivyo hautaathirika.

Katibu Muhtasi