Bundi wa Kwanza

Baba alinivusha Nile alfajiri kwa mtumbwi wake wa mafunjo, nyavu zikichuruzika maji miguuni petu. Hakusema neno mpaka tulipogusa ukingo wa magharibi.

"Mjomba wako alijidhalilisha kukuombea nafasi hii. Usimwaibishe."

Mjomba ni karani wa ghala la nafaka. Bila yeye, mtoto wa mvuvi angeingiaje hekalu la Mfalme Ramesi? Wenzangu wote, niliwakuta wameshaketi mkekani nyuma ya maghala, ni watoto wa waandishi. Walininusa, wakacheka. Kufika saa ya chakula jina langu lilikuwa Sato.

Mwalimu alinipa kibao chenye vishimo viwili, kimoja cha wino mweusi wa masizi, kingine cha wino mwekundu, na kijiti cha unyasi.

"Tafuna."

Nikakitafuna upande mmoja mpaka nyuzi zikachanua kama brashi. Kisha tukamwaga tone la maji kwa ajili ya Imhotepu, yule wa kale aliyemjengea Mfalme Djoseri piramidi ya ngazi. Tone moja tu. Aliyemwaga mengi alizabwa kofi kwa kupoteza maji.

Mafunjo ya kuandikia ni ya wakubwa. Sisi tulipewa vipande vya jiwe la chokaa, mabaki ya waashi. Nilidhani tutaanza na alama moja moja, kumbe tulitakiwa kunakili mstari mzima wa salamu za barua, maana yake utaijua mbele ya safari. Mstari unaanzia kulia kwenda kushoto, na hapo ndipo balaa. Kila nikiandika, kiganja kilipita juu ya wino mbichi. Mara ya tatu bundi wangu, moja ya alama za mstari ule, aligeuka tope.

Fimbo ikatua mgongoni.

"Mkono juu! Huo si samaki, usiulalie."

Mkekani waliangua kicheko. Jirani yangu akaninong'oneza, "Ramba." Akatoa ulimi wake mweusi kunionyesha. Nikaramba jiwe, masizi, chumvi, vumbi. Bundi akafutika. Nikainua kiganja, mkono ukitetemeka hewani, nikaanza upya.

Mchana mama alileta mkate na pombe ya shayiri, akasimama mbali langoni kama mtu asiye na haki ya kuingia. Nilimgawia jirani nusu ya mkate. Hakuniita Sato tena, au labda mdomo wake ulikuwa umejaa.

Jioni baba aliningoja mtumbwini. "Umejifunza nini?"

Nilichovya kidole majini nikamchorea bundi kwenye ubao wa kukalia, ule wa mkato wa haraka tunaoandika sisi: mkunjo mmoja, na mwingine chini yake. Baba aliinama akauchunguza kabla haujakauka.

"Bundi gani huyu? Hii ni ndoana."

Akashika kasia. Tulipofika katikati ya mto akasema, "Ichore tena."