Orodha ya Hatua: Kupima Presha kwa Mashine ya Mkono, Mazoezi ya Wawili Wawili

Mhadhara wa Jumatatu ulichukua saa moja na nusu. Hapa umebaki hatua 25 za kufanyia mazoezi Alhamisi kwenye chumba cha ujuzi. Fiziolojia nimeiacha kwenye daftari. Nimebakiza tu kile ambacho mwenzako anaweza kukiona au kukisikia. Mwalimu alisema "hakikisha mgonjwa ametulia", lakini utulivu haupigwi vema, kwa hiyo humu umekuwa "ameketi dakika 5 kwa saa".

Mmoja ni Muuguzi. Mwingine ni Mgonjwa na pia mkaguzi: mkono mmoja uko kwenye mkanda, mwingine umeshika penseli. Hatua ya 15 hadi ya 21 usiandike wala usiseme kitu, maana kuongea kunapandisha kipimo. Kumbuka ulichokiona, upige vema baadaye. Hatua yenye nyota ikirukwa, Muuguzi anaanza upya kuanzia hapo, hata kama mengine yote yalikwenda vizuri.

Kabla ya kumgusa

1. Vifaa viko mezani: mashine, mikanda ya angalau saizi mbili, stethoskopu, pamba yenye spiriti, saa yenye mshale wa sekunde, karatasi ya vipimo na kalamu.

2. Mkanda hauna hewa na mshale wa geji uko kwenye sifuri. Kama haupo, badilisha mashine. Usianze kujumlisha na kutoa kichwani.

3. ★ Amesugua mikono kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30, pamoja na vidole gumba na katikati ya vidole.

4. Amefuta ncha za masikioni na upande bapa wa stethoskopu.

5. Amesalimia, amejitambulisha kuwa ni mwanafunzi, ameuliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha amelinganisha na faili. Kumwuliza "Wewe ndiye fulani?" hakuhesabiki, kwa sababu mgonjwa aliyechoka hujibu ndiyo kwa lolote.

6. Ameeleza na kuomba ridhaa. Mfano: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nimekuja kukupima presha. Nitakufunga mkanda huu mkononi, utabana kidogo halafu utalegea. Nitaomba tusiongee wakati napima. Uko tayari?" Asubiri jibu.

7. Ameuliza kuhusu dakika 30 zilizopita: kahawa, chai, sigara, mazoezi. Ameuliza pia kama mgonjwa amebanwa na mkojo.

8. ★ Ameuliza kama kuna mkono usiofaa: upande ulioondolewa tezi za kwapani baada ya upasuaji wa titi, wenye fistula ya kusafishia damu, wenye dripu, jeraha au uliopooza. Mgonjwa, kabla hamjaanza chagua kimoja kimoyomoyo, au usichague chochote. Usiseme mpaka uulizwe.

Mkao

9. Mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu haijapishana.

10. Ameketi hivyo dakika 5. Ndiyo, tano kamili. Najua tutashawishika kuzifupisha.

11. ★ Mkono umelazwa mezani, kiganja kikitazama juu, na sehemu ya mkanda iko usawa wa moyo. Mkishamaliza zamu zote, jaribuni kupima mkono ukining'inia: kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza takriban mmHg 8.

12. Mkono uko wazi. Shati halimo chini ya mkanda, wala mkono wa shati haujakunjwa hadi ukabana juu.

Mkanda

13. ★ Amepima saizi. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unazunguka angalau asilimia 80 ya mzingo wa mkono. Mkanda mdogo hutoa kipimo cha juu cha uongo, na mkubwa mno hutoa cha chini.

14. Amepapasa ateri ya mkono kwenye mkunjo wa kiwiko, upande wa kidole kidogo, na ameonyesha kwa kidole mahali mapigo yalipo.

15. Alama ya mkanda iko juu ya mapigo hayo, na ukingo wa chini uko sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo. Vidole viwili vinapita chini ya mkanda. Kuanzia hapa, kimya.

Kupapasa kwanza

16. ★ Ameweka vidole kwenye mapigo ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, amepuliza mpaka yakapotea, ameshika namba kichwani na kutoa hewa yote. Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu huiruka. Kwa baadhi ya wagonjwa sauti hupotea katikati halafu hurudi chini zaidi. Ukipuliza kwa kukisia unaweza kuanzia ndani ya pengo hilo, ukaandika presha ya kawaida kwa mtu ambaye presha yake iko juu sana.

17. Amesubiri dakika 1.

Kusikiliza

18. Ncha za masikioni zinaelekea mbele. Upande bapa umewekwa juu ya ateri, haukusukumwa chini ya mkanda.

19. Amepuliza haraka mpaka mmHg 30 juu ya namba ya hatua ya 16. Mapigo yalipotea kwenye 110? Anafika 140.

20. ★ Ameachia hewa kwa mmHg 2 kwa sekunde. Skrubu ya vali hushikwa kwa gumba na kidole cha shahada, na huzungushwa kidogo sana, kama mtu anayefungua bomba ili litoe matone tu. Mgonjwa, tazama saa na geji: ndani ya sekunde 10 mshale ushuke karibu 20. Ukishuka 50, ameachia haraka mno, na sauti ya kwanza inaweza kumpita.

21. Sauti ya kwanza inayojirudia ndiyo presha ya juu. Pale sauti zinapopotea kabisa ndiyo ya chini. Aendelee kusikiliza mmHg 10 zaidi, kisha atoe hewa yote. Akipotea njiani asipulize tena katikati. Atoe yote, asubiri dakika 1, aanze tena. (Sauti hizi zina jina la Korotkov, daktari wa Urusi aliyezieleza mwaka 1905. Kwenye mtihani wa vitendo hazina maksi.)

Kumaliza

22. ★ Ameandika papo hapo: namba zote mbili, mkono gani, mkao na saa. Namba ziwe shufwa, maana mistari ya geji huenda mbili mbili. Wiki iliyopita niliandika 123/77, na mwalimu akaniuliza huo mstari nimeuona wapi. Na msiandike 120/80 kwa mazoea.

23. Amerudia baada ya dakika 1 na kuandika kipimo cha pili bila kufuta cha kwanza.

24. Amevua mkanda, amemwambia mgonjwa namba zake kwa lugha nyepesi, na hajamtangazia ugonjwa kwa siku moja ya kupimwa. Ikiwa ni 180/120 au zaidi, hata namba moja tu kati ya hizo, anamwita msimamizi mara moja.

25. Amefuta vifaa na kusugua mikono tena.

Sasa Mgonjwa apige vema zake na aseme jambo moja tu la kurekebisha, lile lililomtia wasiwasi zaidi akiwa ndani ya mkanda. Orodha nzima ya makosa ibaki kwenye karatasi. Kisha badilishaneni viti. Mwenye stethoskopu ya kufundishia, yenye masikio ya watu wawili, aipitishe kwa jozi inayofuata. Tunayo moja tu.